EEM, VWO na TEMIT: kusoma karatasi tatu za mifuko ya uwekezaji bega kwa bega

Shemeji yangu anayefanya kazi Doha alinitumia mafaili matatu kwa simu, kila moja la kurasa chache, akaandika chini yake: "Shemeji, zote tatu zinasema masoko yanayoibukia. Niweke fedha kwenye ipi?" Mafaili hayo yalikuwa karatasi za taarifa ambazo mifuko ya uwekezaji huzitoa kila mwezi au kila robo mwaka. Ya kwanza ilikuwa ya mfuko wa Marekani unaojulikana sokoni kwa alama ya EEM, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya jina la iShares. Ya pili ilikuwa ya VWO, mfuko wa Vanguard ulioanza mwaka 2005. Ya tatu ilikuwa ya TEMIT, yaani Templeton Emerging Markets Investment Trust, unaouzwa katika Soko la Hisa la London tangu mwaka 1989.

Kabla ya kusoma namba yoyote nilitazama mambo mawili yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, nayo ni tarehe na sarafu. Karatasi moja ilikuwa ya mwisho wa Machi na mbili za mwisho wa Septemba, hivyo ile ya Machi ilibidi ipakuliwe upya, kwa sababu miezi sita katika masoko haya yaweza kugeuza mshindi kuwa mshindwa. Sarafu ndiyo inayowaponza wengi zaidi. EEM na VWO huhesabu faida kwa dola, ilhali TEMIT huhesabu kwa pauni. Mwaka 2016 fahirisi ya MSCI ya masoko yanayoibukia, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kinachochapishwa na shirika la MSCI, ilipanda takriban asilimia 11 kwa dola, lakini kwa pauni ilipanda takriban asilimia 33. Ni kampuni zilezile na mwaka uleule. Kilichobadilika ni kwamba pauni ilianguka baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Msomaji anayeweka safu ya TEMIT ya mwaka huo kando ya safu ya EEM bila kugeuza sarafu atadhani meneja wa London alifanya miujiza. Shemeji yangu analipwa kwa riyali ya Katari ambayo imefungwa kwenye dola, kwa hiyo kwake hesabu zote zilipaswa kurudi kwenye dola kwanza.

Kilichomo ndani ya kapu

Sehemu ya mali zinazoshikiliwa na mfuko ndiyo ninayoisoma kwa muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayosema mfuko ni kitu gani hasa, bila kujali umeitwaje. EEM hufuata fahirisi ya MSCI, na VWO hufuata fahirisi ya FTSE. Mashirika hayo mawili hayakubaliani kuhusu Korea Kusini. Kwa MSCI, Korea bado ni soko linaloibukia. Kwa FTSE, Korea ilipandishwa daraja mwaka 2009 na kuhesabiwa miongoni mwa masoko yaliyoendelea. Ukishuka kwenye orodha ya kampuni kumi kubwa za EEM utaikuta Samsung Electronics karibu kila mwaka, ilhali ukiipitia orodha yote ya VWO, yenye kampuni zaidi ya 4,000, hutaikuta. Korea huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya EEM, wakati mwingine zaidi, na katika VWO nafasi hiyo imegawanywa kwa nchi nyingine, hasa China, India na Taiwan.

Jambo hili huamua mengi yanayofuata. Mwaka ambao hisa za Korea zinapaa, EEM itaonekana imesimamiwa vizuri kuliko VWO, na mwaka zinapoanguka itaonekana imesimamiwa vibaya, na katika hali zote mbili hakuna msimamizi aliyefanya lolote. Mtu aliyekwisha nunua mfuko mwingine wa nchi zilizoendelea anapaswa kuuliza huo mwingine unafuata fahirisi ya shirika gani. Akichanganya mfuko wa MSCI wa nchi zilizoendelea na VWO, Korea itakosekana kabisa katika mali yake. Akichanganya mfuko wa FTSE wa nchi zilizoendelea na EEM, Korea itahesabiwa mara mbili.

Jina la "masoko yanayoibukia" humdanganya msomaji wa huku kwetu kwa namna nyingine pia. Shemeji alidhani kwamba ndani ya fahirisi hizo lazima kuna kipande cha Nairobi, walau Safaricom. Hakuna. MSCI na FTSE zote huiweka Kenya katika daraja la chini zaidi, la masoko ambayo bado ni machanga, na mfuko unaofuata fahirisi ya daraja la juu haununui hisa za daraja hilo. Afrika inayoonekana katika EEM na VWO ni Afrika Kusini na Misri.

Idadi ya kampuni nayo isomwe kwa tahadhari. EEM ina kampuni takriban 1,200 na VWO zaidi ya 4,000, na ni rahisi kudhani kwamba ya pili imetawanya hatari mara tatu zaidi. Nyingi katika hizo za ziada ni kampuni ndogo ambazo kila moja ni chembe ndogo sana ya mfuko. Uzito uko juu ya orodha. TSMC, kiwanda cha Taiwan kinachotengeneza vichakato vya simu na kompyuta, ndiyo kampuni kubwa kuliko zote katika mifuko yote miwili, na katika EEM peke yake imefikia kubeba zaidi ya dola moja katika kila dola kumi. Kwa hiyo mimi hujumlisha asilimia za kampuni kumi za juu, kisha asilimia za nchi tatu za juu, na namba hizo mbili hunieleza utawanyaji kuliko namba ya 4,000.

TEMIT ni kitu cha aina nyingine. Ina kampuni chini ya mia, na kumi za juu hubeba zaidi ya theluthi ya mfuko. Haifungwi na fahirisi yoyote; meneja huchagua, na fahirisi ya MSCI imeandikwa pale kama kipimo tu. TSMC na Samsung zimekuwa juu ya orodha yake kwa miaka kadhaa, kwa hiyo kwa macho ya haraka inafanana na EEM. Unapoisoma karatasi ya mfuko wa namna hii, linganisha uzito wa kila kampuni na uzito wake katika fahirisi. Kampuni ambayo ni asilimia 10 ya mfuko na asilimia 10 ya fahirisi haionyeshi uamuzi wowote wa meneja, hata ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Uamuzi huonekana pale ambapo fahirisi ina asilimia 1 na meneja ana 5, au pale fahirisi ina 5 na meneja hana kitu.

Tena liko jambo ambalo orodha ya leo haionyeshi, nalo ni kilichokuwamo jana. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Urusi ilikuwa asilimia chache za fahirisi ya MSCI, na majina ya Gazprom na Sberbank yalikuwa yakisomeka katika mifuko hii. Machi ya mwaka huo, baada ya uvamizi wa Ukraine na kufungwa kwa soko la Moscow kwa wageni, MSCI na FTSE ziliiondoa Urusi kwa bei ambayo kwa vitendo ilikuwa sifuri. Hasara hiyo imo ndani ya namba za faida za mwaka 2022, lakini kwenye orodha ya nchi hakuna alama yoyote iliyobaki. Anayesoma orodha ya sasa peke yake anaona nyumba isiyo na chumba kilichoungua.

Mporomoko ambao karatasi haiutaji

Karatasi nyingi hazina mstari unaosema mfuko uliwahi kuporomoka kiasi gani kutoka kileleni hadi chini kabisa. Zina faida ya mwaka mmoja, mitatu, mitano na kumi, na pengine safu ya miaka ya kalenda. Namba hizo zote zinaweza kuwa za kweli na bado zikaficha maumivu.

Chukua fahirisi ya MSCI ambayo EEM huifuata. Mwaka 2021 ilishuka asilimia 2.5 kwa dola, na mwaka 2022 ikashuka takriban asilimia 20. Anayesoma safu hizo mbili anaona miaka miwili mibaya, hasara ya takriban asilimia 22 kwa jumla. Lakini kilele kilikuwa katikati ya Februari 2021 na shimo lilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2022, na kati ya siku hizo mbili bei ilishuka takriban asilimia 40. Kalenda iliuficha mporomoko huo kwa sababu Januari 2021 ilikuwa ya kupanda, na miezi miwili ya mwisho ya 2022 nayo ilikuwa ya kupanda, hivyo pande zote mbili za shimo zilifukiwa.

Mporomoko mkubwa kuliko huo ulikuwa wa 2007 na 2008. Safu ya kalenda ya 2008 inasema hasara ya takriban asilimia 53, nayo inatisha vya kutosha. Ila bei ya fahirisi ilikuwa 1,338 mwishoni mwa Oktoba 2007 na 454 mwishoni mwa Oktoba 2008, ambayo ni anguko la asilimia 66. Aliyebakiwa na 34 katika kila 100 anahitaji mali yake ipande kwa karibu asilimia 195 ndipo arudi alipokuwa. Bei ya fahirisi hiyo kwa dola haikukivuka tena kile kilele mpaka Januari 2021, miaka 13 baadaye. Anayehesabu na gawio lililorudishwa kununua hisa zaidi alirudi mapema kuliko hapo, lakini bado ilikuwa ni miaka mingi.

Sasa angalia dirisha la karatasi. Safu ya miaka kumi iliyochapishwa mwishoni mwa Desemba 2018 ilianza Januari 2009, karibu kabisa na chini ya shimo, na hivyo ilionyesha kupanda tu kutoka chini bila anguko lenyewe. Iliyochapishwa mwaka mmoja kabla yake ilikuwa na anguko lote la 2008 ndani yake. Mfuko haukubadilika, dirisha lilisogea. Leo dirisha la miaka kumi halioni kabisa 2008 kwa mfuko wowote kati ya hii mitatu, na ndiyo maana mimi hutafuta mstari wa faida tangu mfuko kuanzishwa, kisha hupakua bei za kila siku kutoka tovuti ya mfuko na kuhesabu mwenyewe katika Excel. Tarehe zikiwa safu ya A, kuanzia ya zamani kabisa, na bei safu ya B, namba zikianza mstari wa 2 chini ya vichwa, kisanduku C2 huandikwa hivi na kuburutwa mpaka chini:

```
=B2/MAX(B$2:B2)-1
```

Kila kisanduku kinalinganisha bei ya siku hiyo na bei ya juu kuliko zote zilizowahi kufikiwa mpaka siku hiyo. Namba ndogo kuliko zote katika safu ya C, ambayo `=MIN(C2:C5000)` itaitoa, ndiyo mporomoko mkubwa kabisa. Ongeza 5000 ikiwa siku zako ni zaidi ya hizo. Tumia bei za kila siku kama zipo, kwani bei za mwisho wa mwezi hupunguza kina cha shimo, na tumia zile zilizojumuisha gawio ikiwa mfuko unazitoa.

Kwa EEM na VWO matokeo ya zoezi hili hayatofautiani sana, na hilo lenyewe ni jibu: anayeogopa mporomoko wa namna hii hapati nafuu kwa kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Kwa TEMIT kuna mambo mawili ya kurekebisha. Mosi ni pauni. Mwaka 2008 pauni ilishuka sana dhidi ya dola, hivyo anguko la mwaka huo likihesabiwa kwa pauni linaonekana dogo kuliko lilivyokuwa kwa mtu anayehesabu kwa dola. Pili, TEMIT ni mfuko uliofungwa. Ukitaka kutoka, meneja hakununulii. Unamuuzia mwekezaji mwingine sokoni kwa bei mtakayokubaliana, na mara nyingi bei hiyo huwa chini ya thamani halisi ya mali kwa kila hisa. Karatasi huandika mistari miwili, mmoja wa bei ya hisa na mmoja wa thamani ya mali. Mporomoko ulioupata wewe ni wa mstari wa bei, na katika hofu ya soko punguzo hilo linaweza kupanuka wakati uleule mali zenyewe zinaposhuka.

Pengo kati ya mfuko na fahirisi

Kwa mfuko unaoahidi kufuata fahirisi, ahadi ni moja tu, na pengo la ufuatiliaji ndilo linalopima kama imetimizwa. Toa faida ya fahirisi kutoka kwenye faida ya mfuko kwa kipindi kilekile; kinachobaki ndicho pengo. Kwa kawaida huwa hasi, kwa kiasi kinachokaribia ada ya mfuko, maana fahirisi ni hesabu ya karatasini isiyolipa mishahara wala gharama za kununua na kuuza.

Miaka ya 2008 na 2009 ndiyo mfano ninaourudia kila mara, kwa sababu wakati huo EEM na VWO zote zilikuwa zikifuata fahirisi ileile ya MSCI, na hivyo mizani ilikuwa sawa. Namba hizi nimezikadiria kidogo:

| | Fahirisi | EEM | VWO |
|---|---|---|---|
| 2008 | -53% | -50% | -53% |
| 2009 | +78.5% | +71.8% | +76% |

Mwaka 2009 EEM ilibaki nyuma ya fahirisi kwa pointi 6.7, wakati ada yake ilikuwa takriban asilimia 0.7. Ada haiwezi kueleza pengo mara tisa ya ukubwa wake. Sababu ilikuwa ndani ya kapu. EEM haikununua kampuni zote za fahirisi. Ilinunua sampuli, mamia machache ya kampuni, nyingi kubwa na rahisi kuuzika, kwa matumaini kwamba zingeenda sambamba na zote. Mwaka huo hisa zilizoachwa nje zilipaa kupita zile zilizochaguliwa. VWO, iliyokuwa na karibu kampuni zote za fahirisi, ilibaki nyuma kwa pointi kama mbili na nusu, ambazo nazo si kidogo kwa mwaka wa kawaida, lakini huo haukuwa mwaka wa kawaida.

Watu wengi waliosoma karatasi ya mwisho wa 2009 waliishia hapo na kuihukumu EEM. Tazama mstari wa 2008. Mwaka huo sampuli ileile iliipa EEM pointi kama tatu juu ya fahirisi. Aliyeweka dola 10,000 mwanzoni mwa 2008 alikuwa, mwishoni mwa 2009, na takriban dola 8,600 katika EEM, na takriban 8,300 katika VWO, karibu kiasi kilekile ambacho fahirisi ingempa. Kwa miaka miwili kwa pamoja, mfuko uliokosea ndiyo uliomlipa zaidi.

Sisemi hivyo kuitetea EEM. Ninachosema ni kwamba pengo pana, liwe juu au chini, linatoa habari moja: mfuko haushikilii kile unachosema unakifuata, na unaposhika kitu kingine unapata bahati ya kitu kingine. Mwaka 2008 bahati ilikuwa nzuri. Kwa hiyo sitazami pengo la mwaka mmoja, bali huandika mapengo ya miaka mitano au zaidi kwa mstari mmoja na kuangalia kama yanasimama mahali pamoja. Mapengo ya -0.7, -0.8, -0.7 ni ya mfuko ghali unaotimiza ahadi. Mapengo ya +3, -6.7, -1 ni ya mfuko usiotabirika. Katika miaka ya baadaye EEM imetulia na pengo lake limekaa karibu na ada, ambayo bado ni takriban 0.7. VWO hutoza chini ya 0.10. Tofauti hiyo ya pointi 0.6 kwa mwaka inaonekana ndogo, lakini dola 10,000 zinazokua kwa asilimia 6 kwa miaka 20 huwa takriban 32,100, na zikikua kwa 5.4 huwa takriban 28,600.

Kwa VWO kuna tanbihi ya kusoma. Vanguard ilitangaza mwaka 2012 kwamba ingeiacha MSCI na kuhamia FTSE, na uhamisho ukafanyika mwaka 2013, Korea ikiuzwa polepole kwa miezi kadhaa. Baadaye fahirisi ilibadilishwa tena ili kuingiza kampuni ndogo na hisa za ndani ya China. Kwa hiyo mstari wa kulinganishia katika taarifa zake za muda mrefu umeandikwa `Spliced Emerging Markets Index`, maana yake ni fahirisi kadhaa zilizoungwa mwisho kwa mwanzo. Huo ndio mstari sahihi wa kupimia. Ukichukua faida ya VWO ya miaka mingi na kutoa faida ya MSCI uliyoipata kwingine, namba utakayopata itakuwa habari za Korea kwa sehemu kubwa, si habari za ufuatiliaji.

Lipo pia swali la fahirisi ipi kati ya matoleo yake. MSCI huchapisha fahirisi hiyohiyo kwa namna tatu: bei bila gawio, gawio baada ya kukatwa kodi, na gawio lote bila kukatwa. Mfuko unaojilinganisha na toleo la bei bila gawio, huku wenyewe ukihesabu gawio, utaonekana kuwa mbele kila mwaka. Nikiona mfuko wa fahirisi unaoishinda fahirisi yake miaka yote mfululizo, jambo la kwanza ninalokagua ni toleo.

Kwa TEMIT pengo linasomwa kinyume. Hapo kuachana na fahirisi ndiyo huduma unayoilipia, na meneja ambaye pengo lake ni dogo kila mwaka anatoza ada ya kuchagua bila kuchagua.

Nani alikuwa kwenye usukani

Kwa EEM na VWO mstari wa meneja naupita haraka. Majina hubadilika, timu na mitambo ya kununulia hubaki, na mtu mmoja akiondoka kapu haligeuki.

Kwa TEMIT mstari huo ndio kipimo cha kila namba nyingine. Mark Mobius aliuongoza mfuko huo tangu ulipoanza mwaka 1989 mpaka Oktoba 2015, alipomwachia Carlos Hardenberg. Hardenberg aliondoka Februari 2018, na Chetan Sehgal akachukua nafasi. Fikiria sasa msomaji wa karatasi ya Desemba 2016. Safu ya miaka kumi ilikuwa na takriban miaka tisa ya Mobius na mwaka mmoja na miezi mitatu ya Hardenberg. Miaka ya mwisho ya Mobius mfuko ulikuwa nyuma ya fahirisi. Hardenberg alipoingia alilibadilisha kapu kwa kiasi kikubwa. Aliyeukataa mfuko kwa sababu ya safu ya miaka mitano alikuwa anamhukumu mtu ambaye hakuwa tena mezani. Na aliyeununua mwaka huo kwa ajili ya Hardenberg alikaa naye muda mfupi tu.

Njia ninayoitumia ni kuchora mstari kwa kalamu kwenye tarehe aliyoanza meneja wa sasa na kuchukua namba za upande huu wa mstari peke yake. Kwa Sehgal mstari unapita Februari 2018. Upande wake kuna anguko la Machi 2020 na lile la 2021 hadi 2022, kwa hiyo kuna cha kupima. Meneja mwenye miaka miwili ya kupanda tu bado hajaonekana katika hali ngumu, hata karatasi yake ikiwa imepambwa vipi. Uwe mwangalifu pia na maneno "uzoefu wa miaka 25" yanayoandikwa karibu na jina: hiyo ni miaka yake katika kazi, wala si miaka yake katika mfuko huu, na karatasi nyingine huandika ya kwanza peke yake. Ukiikosa tarehe ya kuanza, itafute katika ripoti ya mwaka.

Nilichomjibu shemeji

Nilimuuliza kwanza fedha ni za nini. Akasema sehemu ni za kuezeka nyumba Tanga ndani ya miaka miwili, na sehemu hana haraka nazo. Za kuezeka nilimwambia azitoe kwenye mazungumzo haya, kwa kuwa hakuna mfuko kati ya hii mitatu ambao haujawahi kupoteza theluthi ya thamani yake ndani ya muda kama huo.

Kwa zilizobaki, kati ya EEM na VWO nilichagua VWO: ada ni ndogo, mapengo yake yametulia, na hakuwa na mfuko mwingine ambao ungefanya Korea ikosekane kwa namna ya kumuumiza. Angekuwa anaitaka Korea, ningemwelekeza kwenye mfuko mwingine wa MSCI wenye ada ndogo, kwani EEM si wa pekee. TEMIT niliiweka kando kwa sababu angekuwa anabeba mambo matatu kwa pamoja, yaani pauni, punguzo la bei na uamuzi wa meneja, na yeye hakutaka kufuatilia lolote kati ya hayo.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo halikuandikwa katika karatasi yoyote. EEM na VWO zimesajiliwa Marekani. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani, anayeishi katika nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, kama vile Katari, Kenya au Tanzania, hukatwa asilimia 30 ya gawio la mifuko hiyo kabla halijamfikia, na akifariki akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, warithi wake wanaweza kudaiwa kodi ya mirathi huko. Kwa hiyo VWO niliyoichagua kwa kusoma karatasi ilibidi aiache, atafute mfuko uliosajiliwa Ireland unaofuata fahirisi ya FTSE ya namna hiyohiyo. Aliupata siku ya pili na kunitumia karatasi yake. Tukaanza upya na tarehe na sarafu.